Dakika Yenye Sekunde 61

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Januari 2017, mwaka mpya ulikuwa umeshaingia Afrika Mashariki kwa karibu saa tatu. Fataki zilishakwisha na wengi walishalala. Ilipotimia saa nane na dakika 59 usiku, dakika hiyo ilianza kama dakika nyingine yoyote, ikahesabu sekunde zake mpaka ya 59. Kwa kawaida hapo ingefuata saa tisa kamili. Safari hii ikachomekwa sekunde moja zaidi, ambayo kwa maandishi ya saa 24 iliandikwa 02:59:60, ndipo saa tisa ikaingia. Kwa kuwa sekunde za dakika huanza kuhesabiwa kutoka sufuri, dakika ile ilikuwa na sekunde 61.

Tukio hilo halikuwa la Afrika Mashariki peke yake. Sekunde ya nyongeza huingizwa duniani kote kwa wakati mmoja, mwisho wa siku kwa saa ya UTC, ambayo ndiyo saa rasmi ambayo nchi zote hupangia saa zao. Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo usiku wa manane wa UTC huikuta karibu na saa tisa usiku. Kinshasa, iliyo mbele kwa saa moja tu, iliipata sekunde hiyo kabla ya saa saba usiku. New York walikuwa bado na Jumamosi jioni, na Sydney jua lilikuwa limeshapanda.

Sekunde ile ilikuwa ya 27 tangu utaratibu huu uanze mwaka 1972. Mpaka leo haijapata mwenzake. Na kwa namna mambo yanavyokwenda, huenda ikawa ya mwisho.

Kisa chake kinaanzia kwenye swali ambalo zamani halikuwa na utata: sekunde ni nini? Kwa karne nyingi jibu lilitoka kwenye siku yenyewe. Siku iligawanywa kwa saa 24, saa kwa dakika 60, dakika kwa sekunde 60, na hivyo sekunde ikawa sehemu moja kati ya 86,400 za siku. Dunia ilikuwa ndiyo saa kuu, na saa za ukutani zilikuwa nakala zake.

Mwaka 1955, katika maabara ya taifa ya vipimo iliyoko Teddington, karibu na London, mwanafizikia Louis Essen na mwenzake Jack Parry walifanikiwa kuendesha saa inayofuata mitetemo ya atomi za seziamu. Atomi haina chemchemi inayolegea wala gurudumu linalokwama. Kila atomi ya seziamu, popote ilipo, hutoa mtetemo ule ule. Essen alishirikiana na William Markowitz wa kituo cha unajimu cha jeshi la majini la Marekani, Washington, wakailinganisha saa hiyo na mwendo wa Mwezi kwa miaka kadhaa ili kujua sekunde moja ya wanajimu ina mitetemo mingapi. Jibu lilikuwa 9,192,631,770. Mwaka 1967 mataifa yalikubaliana kwamba hiyo ndiyo sekunde, na tangu hapo Dunia ikapoteza cheo chake cha saa kuu.

Ila kuna jambo lililofichika ndani ya tarakimu ile, na ndilo chanzo cha yote yaliyofuata. Sekunde ya wanajimu ambayo Essen na Markowitz walipimia ilitokana na majedwali ya Simon Newcomb wa Marekani, aliyekusanya taarifa za kutazama anga za tangu katikati ya karne ya 18 hadi mwishoni mwa karne ya 19. Ukitafuta ni lini siku ilikuwa na sekunde 86,400 za namna hiyo bila kupungua wala kuzidi, unaangukia kwenye miaka ya 1820 hivi. Saa ya atomiki kwa hiyo ilizaliwa ikiwa imebeba urefu wa siku wa enzi za Seyyid Said bin Sultan, huku Dunia ikiwa imeshapunguza mwendo tangu wakati huo.

Kinachoipunguza mwendo ni jambo ambalo mvuvi wa Lamu au Bagamoyo huliona kila siku. Mwezi huivuta bahari, maji yakajaa na kupwa, na wakati wa bamvua yakavuka kiwango cha kawaida. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, ilhali Mwezi huchukua karibu mwezi mzima kuizunguka, kwa hiyo Dunia huliburura lile tuta la maji mbele ya Mwezi. Maji yanasuguana na sakafu ya bahari, hasa kwenye kina kifupi, na msuguano huo hula nguvu ya mzunguko. Nguvu haipotei hivi hivi. Mwezi huchukua sehemu yake na kusogea mbali nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka, umbali unaopimwa kwa kurusha miale ya leza kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo waliviacha huko.

Ushahidi wa zamani zaidi uko kwenye vigae vya udongo. Wanajimu wa Babeli waliandika kuhusu kupatwa kwa jua mwaka 136 kabla ya Kristo, jua lilipofichwa lote juu ya mji wao. Mtu akirudisha hesabu nyuma kwa kudhani kwamba Dunia imekuwa ikizunguka kwa mwendo wa leo siku zote, kivuli cha Mwezi kinaangukia kiasi cha nyuzi 48 magharibi mwa Babeli, upande wa Hispania. Wababeli hawakuota. Ni saa ya Dunia ndiyo iliyochelewa kwa zaidi ya saa tatu katika kipindi hicho chote, na wanahistoria wa unajimu wametumia kumbukumbu kama hizo kukadiria kwamba siku hurefuka kwa takriban milisekunde 1.8, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde, kila baada ya miaka mia.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Husikia kwamba siku inarefuka kwa kiasi kidogo namna hiyo katika karne nzima, kisha husikia kwamba sekunde nzima huongezwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na hesabu haikubali. Siri iko kwenye malimbikizo. Chukua mtu anayepungukiwa shilingi mbili kila siku na kukopa dukani kujazia. Deni la siku moja halina uzito, lakini baada ya siku 500 daftari la mwenye duka linasoma shilingi elfu moja. Siku ikizidi sekunde 86,400 kwa milisekunde mbili tu, baada ya siku 500 Dunia inadaiwa milisekunde elfu moja, yaani sekunde kamili. Hakuna haja siku iendelee kurefuka. Inatosha iwe ndefu kidogo kuliko ile ya 1820 iliyofungiwa ndani ya atomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziada ya siku ilikuwa karibu milisekunde tatu, na ndiyo maana kati ya 1972 na 1979 zilihitajika sekunde tisa.

Lakini mtu anaweza kuuliza: kwani saa zetu zinalingana na jua hata bila ya hayo?

Hazilingani, na hilo si siri kwa yeyote anayesoma ratiba za swala zinazobandikwa misikitini. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka kilele chake. Dar es Salaam, katikati ya Februari, hilo hutokea takriban saa 6:37 mchana. Mwanzoni mwa Novemba hutokea takriban saa 6:07. Ni msikiti ule ule, ukuta ule ule na saa isiyo na hitilafu, na bado kuna tofauti ya nusu saa. Sababu yake ni kwamba njia ya Dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua halikamilishi mizunguko yake ya kila siku kwa muda ulio sawa mwaka mzima. Wanajimu walikwepa usumbufu huo tangu zamani kwa kutumia wastani wa mwaka, jua la kufikirika linalokwenda bila kuyumba.

Hata kwa wastani huo, kilele cha jua Dar es Salaam ni kama saa 6:23 mchana, si saa sita. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na kila uzi mmoja kuelekea magharibi hulichelewesha jua kwa dakika nne. Nenda mpaka Kigoma na wastani wa kilele unafika saa saba mchana na dakika moja. Watu wa Kigoma wanaishi na saa iliyolitangulia jua lao kwa saa nzima. Bujumbura, iliyo kwenye ziwa hilo hilo na karibu kwenye mstari ule ule, hufuata saa ya nyuma kwa saa moja, na jua halikuulizwa maoni yake.

Kama Kigoma inavumilia saa nzima bila mtu kulalamika, sekunde moja inamsumbua nani?

Ilimsumbua baharia. Tofauti ya Kigoma haibadiliki, na ya Februari na Novemba hurudi ile ile kila mwaka, kwa hiyo zote mbili zinaweza kuandikwa kwenye jedwali. Deni la Dunia halina jedwali la namna hiyo, kwa sababu linakua, tena kwa mwendo usiotabirika. Zamani za kabla ya setilaiti, nahodha katikati ya bahari alijua mahali alipo kwa kupima urefu wa nyota juu ya upeo kwa kifaa cha sekstanti, kisha kutazama saa aliyoirekebisha kwa milio ya redio. Kwenye ikweta ardhi inakimbia karibu mita 465 kila sekunde. Saa ikikosea sekunde moja, chombo kimekosewa kwenye ramani kwa karibu nusu kilomita, na penye miamba umbali huo unatosha kuvunja merikebu.

Mapatano yaliyofikiwa yalikuwa ya kuridhisha pande mbili. Katika miaka ya 1960 ilijaribiwa kuifanya sekunde ya redio iwe inavutwa kidogo na kurukishwa kwa vipande vya sehemu za kumi ili ifuate Dunia, na mafundi wakachoka. Kuanzia 1 Januari 1972 ikakubaliwa kwamba sekunde zote za UTC ziwe za atomiki, zisizoguswa, lakini hesabu yake isifikie kuachana na Dunia kwa sekunde nzima. Pengo likikaribia mpaka huo, inaongezwa sekunde nzima mwisho wa Juni au mwisho wa Desemba. Chini yake kuna saa nyingine ya atomiki tupu, iitwayo TAI, ambayo hukokotolewa karibu na Paris kutokana na saa zaidi ya 400 zilizotawanyika katika maabara za dunia na ambayo haiongezwi kitu. Leo UTC iko nyuma ya TAI kwa sekunde 37: kumi za kuanzia zilizowekwa mwaka 1972, na 27 zilizoongezwa baadaye.

Saa ya Dunia yenyewe huitwa UT1. Ingawa asili yake ni jua, hakuna anayeipima kwa kutazama jua, ambalo ni kubwa mno na liko karibu mno kwa kazi hiyo. Hutumika vitu viitwavyo kwaza, viini vya galaksi vinavyong'aa kutoka mbali kiasi kwamba havionekani kusogea hata kidogo. Darubini mbili za redio zilizo maelfu ya kilomita mbali, kwa mfano ya Wettzell nchini Ujerumani na ya Kokee huko Hawaii, huelekezwa kwenye kwaza moja, na kila moja hurekodi mawimbi pamoja na saa yake ya atomiki. Mawimbi hufika kwenye darubini moja kabla ya nyingine, na tofauti hiyo ya muda husema Dunia imegeuka kiasi gani. Kipindi cha saa moja hivi kinatosha kuipata UT1 ya siku. Afrika nayo imo kazini, kupitia darubini ya Hartebeesthoek, magharibi mwa Pretoria.

Matokeo hupelekwa kwa taasisi ya kimataifa ya mzunguko wa Dunia, IERS, na ofisi yake katika kituo cha unajimu cha Paris ndiyo hutoa uamuzi. Mapema Julai 2016 ilitoa tangazo lake la 52 la aina hiyo, waraka mfupi usio na mbwembwe, ukisema kwamba sekunde itaongezwa mwisho wa Desemba. Wakati ule siku ilikuwa inazidi kwa kati ya milisekunde moja na mbili. Ilipofika usiku wa mwaka mpya, Dunia ilikuwa nyuma ya UTC kwa kiasi cha sehemu nne za kumi za sekunde. Baada ya kuongezwa sekunde ikawa mbele kwa kiasi cha sehemu sita za kumi. Deni lilikuwa limelipwa kwa ziada, ili likae muda kabla ya kudai tena.

Kwa mabaharia hapakuwa tena na la kushukuru, kwa kuwa wengi wao sasa hufuata setilaiti. Mfumo wa GPS haushiriki katika mchezo huu hata kidogo. Saa yake imehesabu bila kuongezwa kitu tangu 6 Januari 1980, ndiyo maana iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na kipokezi hupewa tofauti hiyo ndani ya mawimbi ili kiitoe kabla ya kumwonyesha mtu saa. Walioumia usiku ule walikuwa watu wa kompyuta.

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa tarakimu moja tu: sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, kwa sharti kwamba kila siku ina sekunde 86,400 na si zaidi. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya kuandika 23:59:60. Sekunde ya nyongeza inapokuja, mashine hufanya ujanja wa kuirudia sekunde ile iliyopita. Kwa maneno mengine, kwa muda mfupi saa inarudi nyuma.

Kampuni ya Cloudflare, inayosaidia tovuti nyingi duniani kupatikana haraka, ilikuwa na programu iliyopima muda ambao seva nyingine ilichukua kujibu. Iliandika saa ya kuuliza, ikaandika saa ya kupokea jibu, ikatoa ya kwanza kwenye ya pili. Aliyeiandika alidhani, kama ambavyo yeyote angedhani, kwamba jibu haliwezi kufika kabla ya swali. Usiku ule, katika sekunde iliyorudiwa, baadhi ya majibu yalifika kabla ya maswali yao, na tofauti ikawa chini ya sufuri. Tarakimu hiyo ilipopelekwa kwenye sehemu ya programu inayochagua namba kwa bahati nasibu, sehemu hiyo haikujua la kufanya na namba hasi, ikaanguka na kuiangusha programu. Kwa sehemu ndogo ya watumiaji, tovuti zikaacha kufunguka.

Wahandisi walipoipata hitilafu, dawa yake ilikuwa herufi moja. Palipoandikwa kwamba programu ijihadhari tofauti ikiwa sawa na sufuri, waliongeza alama ili ijihadhari pia ikiwa chini ya sufuri:

```
if rttMax == 0 {     // kabla
if rttMax <= 0 {     // baada
```

Kazi ya kueneza marekebisho hayo duniani kote ilikamilika saa 3:45 asubuhi ya Afrika Mashariki, karibu saa saba baada ya sekunde yenyewe kupita.

Miaka minne na nusu kabla yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Sekunde ya 30 Juni 2012 ilizikuta seva nyingi za Linux na kosa ndani ya kiini cha mfumo: saa kuu ilirudi nyuma, lakini sehemu inayowaamsha wafanyakazi wa ndani wa mashine haikuambiwa. Kila programu iliyoomba kulala kwa nusu sekunde iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena, na mashine zikawa zinahema kwa kazi isiyokuwapo. Tovuti za Reddit na LinkedIn ziliyumba. Mfumo wa kupokea abiria uliotumiwa na shirika la ndege la Qantas ulikwama Jumapili asubuhi huko Australia, wafanyakazi wakaandikisha abiria kwa mkono. Wasimamizi wa seva waligundua kwamba tiba ni kuiambia mashine saa ambayo tayari inaijua, kwa amri moja:

```
date -s "$(LC_ALL=C date)"
```

Kuweka saa upya kwa njia hiyo kuliilazimisha ile sehemu iliyosahaulika ijirekebishe, na seva zikatulia.

Google ilichagua njia nyingine, kutoionyesha kabisa sekunde hiyo kwa mashine zake. Huinyunyiza: kuanzia adhuhuri ya UTC hadi adhuhuri ya pili yake, kila sekunde hurefushwa kwa sehemu moja kati ya 86,400, ili mwisho wa muda huo sekunde nzima iwe imemezwa bila saa kurudi nyuma. Ni ujanja mzuri kwa anayeutumia peke yake. Tatizo ni kwamba si kila mtu huutumia, wala si kwa kipimo kimoja, kwa hiyo siku ya sekunde ya nyongeza ndiyo siku ambayo saa za dunia hutofautiana kuliko siku zote. Utaratibu uliowekwa ili saa zipatane umegeuka kuwa chanzo cha kutopatana, na hoja hiyo ndiyo iliyowashinda watetezi wake.

Novemba 2022, mkutano mkuu wa mataifa kuhusu vipimo, uliofanyika Versailles, Ufaransa, uliamua kwamba ifikapo 2035 au kabla yake mpaka wa pengo kati ya UTC na Dunia upanuliwe, kwa kiasi ambacho UTC itaendelea bila kukatizwa kwa angalau karne moja. Urusi ilitaka muda mrefu zaidi, kwa kuwa setilaiti zake za GLONASS, tofauti na GPS, zimejengwa kuzifuata sekunde za nyongeza, na kubadilisha vyombo vilivyo angani si kazi ya siku moja. Mwaka uliofuata, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai uliunga mkono mwelekeo huo. Pengo likiachwa likue, litafikia kama dakika moja kwa vizazi viwili au vitatu. Mtu wa Kigoma, ambaye dakika zake ni 61 tayari, atakuwa na 62.

Lakini Dunia haikungoja mikutano. Baada ya 2016 ilianza kuharakisha. Ile ziada ya kila siku ilipungua, na kuanzia 2020 zikatokea siku nyingi zilizo fupi kuliko sekunde 86,400. Moja ya fupi zaidi tangu kuwapo kwa saa za atomiki ilikuwa 5 Julai 2024, iliyopungua kwa milisekunde 1.66. Mwezi haukuacha kuvuta. Ni kwamba juu ya mvuto wake kuna mambo mengine yanayopanda na kushuka: pepo za misimu, na zaidi sana kiini cha Dunia cha chuma kilichoyeyuka, ambacho kinapopunguza mwendo wake huko ndani, gamba la juu tunalokanyaga huongeza wake. Pengo kati ya Dunia na UTC, lililokuwa limeanza kujaa tena baada ya 2017, likasimama kisha likarudi karibu na sufuri. Tangu wakati huo tangazo la IERS la kila miezi sita limekuwa likisema jambo moja, kwamba hakuna sekunde itakayoongezwa.

Kasi ikizidi, itahitajika jambo ambalo kanuni za 1972 zililiruhusu na ambalo halijafanyika hata mara moja, yaani sekunde kuondolewa. Saa ingetoka 23:59:58 na kurukia usiku wa manane, na dakika hiyo ingekuwa na sekunde 59. Mwaka 2024 mwanajiofizikia Duncan Agnew wa San Diego, Marekani, alikokotoa kwamba hilo lingeweza kutokea mwaka 2029 hivi, na kwamba lingekuja mapema zaidi kama si barafu ya Greenland na Antaktika kuyeyuka. Maji ya barafu hiyo hutoka karibu na ncha za Dunia na kutapakaa kuelekea ikweta, na uzito unapohamia mbali na mhimili mzunguko hupungua kasi. Ongezeko la joto, kwa hesabu zake, limeisogeza mbele kwa miaka mitatu.

Programu zilizoandikwa kupokea sekunde ya nyongeza zimejaribiwa mara 27 na bado zilikuwa zinaanguka mwaka 2017. Za kuondoa sekunde hazijawahi kujaribiwa nje ya maabara. Baadhi ya wahandisi wanaotunza saa hizo wanaomba mpaka mpya uanze kutumika kabla ya 2035, ili pengo, liwe la mbele au la nyuma, liwe na pa kukaa.